Jinsi ya Kuandika Maelezo ya Picha Paka wa Nyumbani Anapokufa, Bila Kujificha na Bila Kuchekwa

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu kosa moja limejirudia mno mbele ya macho yangu. Mtu paka wake wa miaka mingi amekufa, anafungua simu akiwa bado na machozi, anaandika kapsheni ndefu chini ya picha, na kabla ya adhuhuri wafuasi wake wamekwisha kumuuliza matanga yanaanuliwa lini na rambirambi zitumwe kwa namba ipi. Anaifuta. Sasa ana huzuni mbili: ya paka na ya kuchekwa.

Mfano nitakaoufuata mpaka mwisho ni wa nyumba moja ya Ngamiani, hapa Tanga. Paka wao, dume la mistari ya kijivu, aliitwa Shombo. Binti wa nyumba hiyo, niliyemfundisha Kiswahili sekondari, ndiye aliyeandika, akafuta, kisha akaja kwangu na simu mkononi: "Shikamoo Mwalimu. Nisomee hii, uniambie nimekosea wapi."

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika

Picha moja ya mnyama akiwa hai, katika mahali alipozoea kukaa. Picha ya mwili wake usiitumie, hata ukiwa umeufunika shuka vizuri, na picha yako ukilia usiitumie pia. Picha ya kilio humfanya mtazamaji akutazame wewe, naye akishaanza kukutazama wewe ataanza kupima kama kilio chako ni cha kweli.

Karatasi yenye mambo matatu: mnyama alifikaje nyumbani, alikaa muda gani, na jambo gani alilifanya kila siku kwa saa ileile na mahali palepale. Hili la tatu ndilo kapsheni yote itakalolisimamia, kwa hiyo liandike kwa urefu hata kama utalipunguza baadaye.

Ruhusa ya wenye nyumba. Ikiwa Bibi au mtoto mdogo atatajwa, aulizwe kwanza. Mtoto ambaye bado hajaambiwa asije akaipata habari kwenye simu ya binamu yake.

Sababu ya kifo, ikiwa inajulikana. Shombo alikonda kwa miezi na alikuwa akinywa maji kupita kawaida, na daktari wa mifugo alisema ni figo, maradhi yanayowapata sana paka wazee. Ikiwa sababu huijui, au ni ya kushuku tu, iache. Ukiandika kwamba amelishwa sumu huku huna uhakika, maoni yote yatakwenda kumtafuta jirani mwenye hatia na paka atasahauliwa.

## Hatua ya 1: Subiri usiku mmoja, kisha uulize mtaani

Usiandike siku ileile. Maneno ya siku ya kwanza hutoka makubwa kuliko jambo lenyewe, na mtu huyaona makubwa siku ya pili tu. Binti yule aliandika saa moja baada ya kumzika Shombo.

Kusubiri kuna sababu nyingine, nayo kwetu pwani ni nzito zaidi. Kabla ya kuweka picha, hakikisha hakuna matanga katika mtaa wako wala katika ukoo wako. Ukimlilia paka hadharani siku ambayo nyumba ya tatu kutoka kwako imetandika mikeka ya waombolezaji, hakuna maneno yatakayokuokoa, hata yawe mazuri namna gani. Msiba wa watu ukiwepo, acha upite. Picha ya Shombo haiozi.

Utajua kuwa umesubiri vya kutosha utakapoweza kumsimulia mtu ana kwa ana namna paka alivyokufa, mpaka mwisho, bila kusimama katikati.

## Hatua ya 2: Mstari wa kwanza umtaje mnyama kabla ya kifo

Hapa ndipo madhara makubwa hutokea, na ninayasema nikiwa nimeyaonja. Miaka ya nyuma, alipokufa paka wa nyumbani kwetu, niliandika kwenye hali yangu ya WhatsApp maneno mawili, "Tumefiwa nyumbani", nikakusudia kuongeza mengine baada ya kunywa chai. Sikuwahi. Shangazi yangu aliyasoma akiwa Muheza, akafunga khanga, akapanda gari. Alipofika alinikuta uani nafua. Chai ile tuliinywa pamoja, lakini haikuwa na sukari ya kutosha kuondoa aibu yangu.

Neno "kufiwa" kwa Kiswahili humhusu mtu. Anayelisoma huanza kupiga simu kabla hajafika nukta. Tatizo huwa kubwa zaidi kwa sababu maandishi mengi hukatwa: Instagram hupokea hadi herufi 2,200, lakini anayepitisha kidole huona takriban 125 za mwanzo tu, kisha neno `more`. Ikiwa paka ametajwa baada ya hapo, wengi hawatamwona. Watakupa pole ya mzazi, kisha wakishagundua watakasirika, na hasira hiyo ndiyo inayogeuka kuwa kejeli.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ianze na aina ya mnyama na jina lake, kisha kitenzi, kisha siku na mahali. Ya binti yule, baada ya marekebisho, ikawa hivi:

> Paka wetu Shombo amekufa Jumanne alfajiri, barazani kwa Bibi, baada ya kukaa nasi miaka 11.

Hizo ni herufi 91 ukihesabu na nafasi, na habari yote imo. Aliyekuja kucheka amekwisha kujua kwamba ni paka, kwa hiyo hawezi kujifanya amedanganywa. Aliyempenda Shombo naye hahitaji kubonyeza chochote ili aelewe.

## Hatua ya 3: Acha maneno ya tanzia yabaki kwa watu

Kapsheni ya kwanza ya binti yule ilikuwa hivi, na ninainukuu kwa idhini yake:

> Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Siamini! Marehemu Shombo, umetuacha wapweke, umeacha pengo lisilozibika. Tangulia mwanetu, nasi tu nyuma yako. Pumzika kwa amani, malaika wetu.

Kila kipande hapo ni sahihi kwa sarufi, na kila kimoja tumekisikia mara mia katika matangazo ya vifo redioni na kwenye hotuba za makaburini. Ndiyo kasoro yake. Lugha yetu ina seti kamili ya maneno ya kumzikia mtu, nayo yamezoeleka kiasi kwamba yakisikika tu, msikilizaji huona jeneza na mistari ya wanaume waliovaa kofia. Ukimwekea paka katikati ya picha hiyo, msikilizaji hucheka hata kama ana huruma, kwa sababu viwili hivyo havikai pamoja.

Maneno ya kuyaacha ni haya hasa: marehemu, kufariki, kutangulia mbele ya haki, tanzia, msiba mzito, pengo lisilozibika, na "nasi tu nyuma yako". Hilo la mwisho lina tatizo lake, maana linamwahidi paka kwamba familia nzima inamfuata.

Ya dini yanahitaji uangalifu zaidi. Maneno ya kurejea kwa Mwenyezi Mungu yamefundishwa kusemwa katika kila linalomsibu mja, si kifo cha mtu pekee, na binti aliyatamka kwa kinywa chake bila kosa lolote. Hata hivyo, ukiyaweka mwanzo wa kapsheni, mjadala utakuwa wa fikihi. Watatokea wawili wa kukukataza na wawili wa kukutetea, kisha watatu wa kumkumbusha kila mmoja kwamba Abu Huraira alipewa jina hilo kwa ajili ya paka. Mpaka Isha, Shombo hatatajwa tena. Yatamke nyumbani.

Basi tuandike kitenzi gani? Andika "amekufa". Wengi hulikwepa kwa sababu likitumika kwa mtu ni kavu na halina adabu, nao wanaona kulitumia kwa mnyama wao wampendaye ni kumdharau. Lakini kwa mnyama ndilo neno la haki, halimkwezi wala halimshushi, na msomaji mwenye shaka akilikuta hulegeza mabega. Ukitaka upole zaidi, Kiswahili kina kauli ya kutendea: "amefia barazani", "amefia mapajani mwa Bibi". Mahali pakitajwa ndani ya kitenzi, ukavu wa kufa hupungua wenyewe.

Katika mazishi, "tumemzika" linafaa. "Tumemfukia" ni la shimo la takataka, na "mzoga" ni la barabarani. Lakini ukishasema "tumemzika chini ya mstafeli", simama hapo. Usieleze sanda, wala nani aliingia kaburini, hata kama wadogo zako walifanya hayo yote kwa uzito kamili.

Namna ya kujipima: futa jina la paka, weka jina la mjomba wako. Ikiwa kapsheni bado inasomeka bila mushkeli, umeandika tanzia. Kapsheni ya paka ikiwekewa jina la mjomba inapaswa kuchekesha.

## Hatua ya 4: Eleza jambo moja alilolifanya kila siku

Chukua ile karatasi. Binti aliandika juu yake: "Alikuwa mpole, mwenye upendo, na alitufurahisha sana." Nikamwambia kwamba hayo yanaweza kuwa ya paka yeyote kutoka Sahare mpaka Pongwe, na mtu asiyependa paka hana sababu ya kuyaamini. Sifa ni dai, na dai humwalika msomaji abishe. Hakuna anayeweza kubishana na jambo lililotokea.

Nikamuuliza: "Asubuhi Shombo alikuwa anaanzia wapi?" Akafikiri kidogo. "Kwa Bibi." Akifanya nini? "Analala tu." Analala wapi hasa? Hapo ndipo alipokumbuka, na nilimwona akikumbuka, maana alinyamaza na kuiweka simu mezani.

Kila alfajiri Bibi alipotandika mswala, Shombo alitoka jikoni, akapita nyuma ya Bibi bila kumgusa, akajilaza kwenye pembe ya kushoto ya mkeka, mswala ukiwa katikati. Hakulia wala hakusogea. Bibi akishatoa salamu, naye aliinuka, akanyoosha mgongo, akaelekea mlangoni kungoja kufunguliwa. Miaka kumi na moja. Siku ya pili baada ya kifo chake, Bibi alitandika mswala, akautazama ule upande wa kushoto kwanza, ndipo akasimama kusali.

Nikamwambia andika hilo, na usiandike lingine.

Sababu ya kuchagua moja ni kwamba mambo matano yakiorodheshwa hugeuka kuwa wasifu, na wasifu ni kipande cha tanzia. Jambo moja lenye saa, mahali na mwendo humfanya msomaji aone pembe ya mkeka ikiwa tupu, na huzuni anaipata mwenyewe bila ya wewe kumwambia ahuzunike. Hata yule mwenye dhihaka ana bibi yake.

Angalizo: jambo hilo lisiwe la ajabu. Ukisema paka alikuwa anaitikia adhana au alijua mapema nani atakufa, utakuwa umefungua mlango wa mabishano mengine. Na ukisema alikuwa "anaswali na Bibi", utakuwa umeuongezea ukweli chumvi. Alikuwa amelala pembeni ya mkeka. Sema hivyo.

## Hatua ya 5: Sentensi moja ya huzuni, iwe fupi

Huna haja ya kuficha kwamba umeumia. Kapsheni isiyo na huzuni hata kidogo husomeka kama taarifa ya serikali ya mtaa. Lakini iwe sentensi moja, iwekwe mwisho, na iwe ndogo kuliko unavyojisikia.

Binti alipendekeza "mioyo yetu imevunjikavunjika". Tukajaribu "tumehuzunika sana", ikawa baridi. Mwishowe tukaandika "Nyumba imepooza kidogo." Neno "kidogo" ndilo lililofanya kazi. Msomaji anajua kwamba si kidogo, na kwa kuwa wewe hukulikuza, yeye ndiye analikuza.

Usimwite mnyama mtoto wako, wala usiseme alikuwa bora kuliko watu. Sentensi hiyo ya pili huumiza watu halisi wanaokusoma, wengine wao wakiwa ndugu zako, nao watakumbuka.

## Kapsheni nzima

> Paka wetu Shombo amekufa Jumanne alfajiri, barazani kwa Bibi, baada ya kukaa nasi miaka 11. Alikuja ndani ya kapu la dagaa kutoka soko la samaki la Deep Sea, na hakuondoka tena. Kila Bibi alipotandika mswala wa alfajiri, alikuja kujilaza pembeni ya mkeka mpaka Bibi atoe salamu. Jana Bibi alitandika mswala, akautazama upande ule kwanza, ndipo akasimama kusali. Tumemzika chini ya mstafeli. Nyumba imepooza kidogo.

Hakuna vikaragosi vya machozi. Kimoja kinaweza kuvumilika, lakini vitatu vinarudisha kilio tulichokiondoa kwa shida. Muziki usiweke kabisa, kwa sababu wimbo wa huzuni ukianza kabla mtu hajasoma, humwambia tayari ajisikie vipi, na mwenye shaka hapendi kuamrishwa.

## Hatua ya 6: Msomee mtu mkavu

Kila ukoo una mtu mmoja asiyependa wanyama wala maneno mengi. Msomee yeye, kwa sauti, usimpe simu asome mwenyewe. Binti alimsomea mjomba wake, fundi baiskeli, ambaye siku zote alimfukuza Shombo kwa kandambili. Mjomba alisikiliza huku akiziba pancha. Binti alipofika pale Bibi anapoutazama upande ule, mjomba aliacha kusugua msasa, kisha akauliza, "Mstafeli upi, ule wa karibu na kisima?"

Hilo ndilo jibu unalolitafuta. Swali juu ya jambo dogo maana yake amekufuata mpaka mwisho. Ikiwa atasema "pole" haraka na kugeuka, au atatabasamu kwa upande mmoja, mwombe akuambie ni neno gani lilimchekesha, kisha uliondoe bila kulitetea.

## Ikiwa aliyekufa ni mbwa

Kapsheni ya mbwa huko kwetu ina njia nyembamba zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya wafuasi wako watawaza habari ya najisi kabla ya kuwaza huzuni yako. Mweleze kwa kazi yake na mahali pake: alilala getini, alimjua muuza maziwa kwa hatua zake, usiku fulani alibweka mpaka mkaamka. Mbwa wa ulinzi hana mpinzani. Picha iwe ya uani, isiwe ya kitandani. Mengine yote ni kama ya paka.

## Hatua ya 7: Maoni yakianza

Watakuja watu wa aina tatu, na wa kwanza ndio wengi: wenye pole fupi. Waitikie "Asante, tumeshapoa" au "Ahsante sana", usiwape historia mpya.

Wa pili ni wenye utani, na hawa usiwachukie mapema. Utani wa pwani mara nyingi ni njia ya kutoa pole bila kuonekana umetoa. Mmoja alimwandikia binti: "Sasa dagaa watapumua." Akamjibu: "Na panya wa mtaa mzima wameshafanya sherehe." Ikaishia hapo, na mtu yule baadaye akaandika kwamba na yeye alikuwa na paka. Utani ujibiwe kwa utani mmoja, mara moja tu.

Wa tatu ni wa kulinganisha: watu wanalala njaa, wewe unalilia paka. Usibishane naye, wala usimwambie kwamba hana moyo. Andika, "Ni kweli kaka, Mungu awasaidie," kisha nyamaza. Hajapata ukuta wa kugonga. Ikiwa wanaanza kugombana wao kwa wao, Instagram ina `Turn off commenting` katika nukta tatu juu ya picha, lakini tumia hilo mwisho kabisa, kwa sababu mlango uliofungwa huonekana kama kususa.

Usiweke picha nyingine siku ya tatu, wala siku ya saba, wala arobaini. Ya mwisho hasa.

Kosa la ukweli likigunduliwa, lirekebishe kwa `Edit`. Maoni yaliyokwisha kuandikwa hayapotei. Binti alilazimika kufanya hivyo jioni ileile. Alimsomea Bibi kapsheni yote, Bibi akasikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho, kisha akasema Shombo hakuja na dagaa, alikuja na vibua, na kapu halikuwa kapu, lilikuwa tenga. Yakabadilishwa maneno hayo mawili.